Nzige au panzi tu? Kumsoma mdudu kwenye picha kabla ya kupiga mbiu

Picha inayoletwa mara nyingi huwa ya namna moja: mdudu wa kahawia, urefu wa kidole, ametua ukutani, na chini yake swali fupi, "Huyu ni nzige?" Swali hilo kwa kweli ni mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la aina: je, mdudu huyu ni miongoni mwa wale wachache wanaoweza kuungana wakawa kundi? La pili ni la hali: kama ni wa aina hiyo, je, sasa hivi anaishi kikundi au anaishi peke yake? Nzige wa jangwani anaweza kumaliza maisha yake yote kimyakimya kama panzi yeyote, kisha wajukuu wake wakafunika jua. Hali hizo mbili hutofautiana kiasi kwamba zamani wataalamu walidhani ni wadudu wawili. Mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov ndiye aliyeandika mwaka 1921, akimchunguza nzige mwingine anayehamahama, kwamba ni mdudu yuleyule aliyebadilika.

Mwongozo huu unamfuata nzige wa jangwani, anayeandikwa kitaalamu Schistocerca gregaria. Ndiye aliyevamia Ethiopia na Somalia mwaka 2019, akaingia Kenya mwishoni mwa mwaka huo. Wengine watatajwa pale tu wanapofananishwa naye.

Kwanza, picha zenyewe

Picha moja haitoshi, hata iwe safi namna gani. Zinahitajika nne: ya ubavuni, ya juu, ya chini ya kifua, na ya mahali alipokuwa. Ya mahali ndiyo inayosahaulika zaidi, na tutaona baadaye kwamba mara nyingi ndiyo inayoamua.

Mdudu akiwa na joto hatulii. Mfuate alfajiri kabla jua halijampasha, au mweke kwenye chupa angavu, uiache kivulini au kwenye jokofu kwa dakika kumi hivi. Ukimshika, bana mabawa yote pamoja juu ya mgongo kwa kidole gumba na cha shahada. Usimshike kwa mguu mmoja wa nyuma, kwani huuachia ukakatika, na ukikatika umepoteza kipimo muhimu. Miguu hiyo ina miiba na teke lake linakwaruza. Atatapika maji ya kahawia mkononi. Hayo yanachafua tu, hayadhuru. Lakini kama eneo limepuliziwa dawa, mwache alipo, umpige picha bila kumgusa.

Kwa picha ya ubavuni, weka rula kando yake, usawa wa mwili na si chini zaidi, na karatasi nyeupe nyuma. Karatasi ina kazi mbili: inaonyesha vipapasio vyembamba ambavyo vingepotea kwenye majani, na inakupa nyeupe ya kulinganishia rangi. Usisogeze simu mpaka karibu kabisa na mdudu. Rudi nyuma kama nusu mita kisha ukuze picha, kwa sababu simu ikiwa karibu mno, kilicho mbele huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Vipapasio vinakata nusu ya kesi

Kabla ya rangi, kabla ya ukubwa, angalia vipapasio. Vikiwa vyembamba kama unywele na virefu kuliko mwili, huyo si nzige. Ni nyenje au ni jamaa wa senene. Vikiwa vifupi na vinene kidogo, visivyofika nusu ya mwili, uko upande wa panzi, na nzige wote wako upande huo.

Nyenje hulaza mabawa bapa juu ya mgongo kama kifuniko cha sanduku, ana kichwa cha mviringo, na nyuma ana vishikio viwili virefu vinavyochomoza. Senene ana mabawa yaliyosimama kama paa la nyumba na kichwa kilichochongoka. Majike wa makundi haya mawili wana kifaa cha kutagia mayai kinachochomoza nyuma: cha nyenje ni kama sindano, cha jamaa wa senene ni kama upanga. Watu hukiona pichani wakadhani ni mwiba wa kuuma. Hakiumi. Jike wa nzige hana kitu cha namna hiyo. Ana ncha fupi nne tu, za kuchimbia udongo.

Senene ndiye anayezua taharuki, maana huja kwa maelfu kwenye taa usiku na huweza kuwa wa kijani au wa kahawia. Wingi peke yake, basi, haumfanyi mdudu kuwa nzige. Tatizo hapa ni kwamba kipapasio cha senene ni chembamba mno na mara nyingi kamera haikikamati, au kimekatika. Kuza picha ukague vyote viwili. Ukikuta vyote vifupi lakini vyembamba kama uzi, na ncha zimekatika ghafla bila kupungua unene, shuku kwamba vimevunjika, ukaangalie mabawa na kichwa.

Mkubwa au tunutu?

Tunutu, yaani nzige mchanga, hana mabawa. Ana vipande vidogo tu vya pembetatu mgongoni. Kuna panzi wazima wenye mabawa mafupi wanaodanganya macho. Namna ya kuwatenga ni kuangalia kipande kipi kiko juu. Kwa tunutu aliyekaribia kukomaa, kipande cha bawa la nyuma ndicho kinachofunika kile cha mbele. Kwa panzi mzima, hata bawa liwe fupi kama kucha, la mbele ndilo linalofunika la nyuma.

Kosa kubwa zaidi la picha za tunutu linahusu panzi wanaonuka, Zonocerus. Watoto wao ni weusi wenye madoa ya manjano au meupe, nao hukaa kwa makumi kwenye mmea mmoja. Tunutu wa nzige wa jangwani walio katika kundi nao ni weusi na manjano. Ukiona picha kwa haraka utaapa ni hao. Tazama vitu viwili. Kichwa cha Zonocerus kimechongoka mbele kama kabari, ilhali cha tunutu wa nzige ni butu, uso ukishuka karibu wima. Halafu tazama mwendo, na hapa video ya sekunde kumi inashinda picha. Zonocerus ni wazito, ukiwasogelea hujikokota au hubaki palepale, kwani ladha yao mbaya ndiyo kinga yao. Tunutu wa kundi huruka wote kwa mpigo na mchana huandamana upande mmoja, wakivuka ardhi tupu kama maji yanayotiririka.

Tunutu wa nzige huyohuyo aliyekua peke yake ni wa kijani, mtulivu, na hajipangi na wenzake.

Mzima wa kahawia: wa jangwani au jirani yake?

Sasa tuseme ni mzima, vipapasio vifupi, urefu wa sentimita tano hadi saba. Geuza picha ya chini. Kati ya miguu miwili ya mbele, kooni kabisa, nzige wa jangwani ana kinundu kilichosimama kama kigingi butu. Kinundu kisipokuwepo, si yeye. Kikiwepo, bado kuna jamaa zake kadhaa wenye kinundu, kwa hiyo unaendelea.

Anayetumwa zaidi kama "nzige" barani Afrika ni panzi mkubwa wa bustani, Acanthacris ruficornis. Ni mkubwa kama nzige au hata kumzidi, anaruka kwa kelele, na anatisha. Lakini hakusanyiki makundi. Picha ya juu inamfichua: ana mstari mweupe au wa manjano hafifu unaotoka kichwani, ukapita katikati ya mgongo hadi kwenye mabawa. Ukikuza picha, kifua chake kina manyoya yanayoonekana wazi. Nzige wa jangwani hana mstari huo wa katikati, na ngao yake ya nyuma ya kichwa, ile yenye umbo la tandiko, ni laini bila mgongo uliosimama.

Nzige wa miti ana mgongo huo uliosimama juu ya ngao. Ukifungua bawa la nyuma utakuta utepe mweusi uliopinda. Bawa la nyuma la nzige wa jangwani ni angavu, lenye manjano hafifu, bila utepe wowote. Ndiyo maana inafaa, kwenye picha ya juu, kuvuta bawa moja la mbele pembeni taratibu ili la nyuma lijikunjue. Bila hivyo, alama iliyo wazi kuliko zote imebaki imekunjwa.

Rangi inasema mengi, lakini kamera husema uongo

Ukishaamini kwamba ni nzige wa jangwani, ndipo swali la hali linapoanza. Aliyeishi peke yake ana rangi ya mchanga, kijivu au kahawia hafifu, na dume aliyekomaa huwa na unjano uliofifia. Aliyekulia ndani ya kundi huwa wa waridi baada ya kuota mabawa, kisha hugeuka manjano kali anapokomaa kuzaa. Kukomaa huko huchukua wiki mbili hadi nne mvua na joto vikiwa vizuri, na miezi kadhaa vikikosekana. Kwa hiyo picha ya nzige wa manjano inaonyesha pia kwamba utagaji uko karibu au umeanza. Kwa anayepanga kazi ya udhibiti, habari hiyo ina uzito kuliko jina la mdudu.

Tatizo ni mwanga. Taa ya manjano ya nje humfanya yeyote awe wa manjano, na jua la machweo humgeuza wa mchanga akawa wa waridi. Hapo ndipo karatasi nyeupe inapolipa: kama karatasi yenyewe pichani ina wekundu au unjano, rangi ya mdudu haifai kutolewa hukumu. Piga tena kivulini, mchana, bila mwanga wa simu.

Jambo jingine: rangi hubaki nyuma ya tabia. Nzige mpweke akisongamana na wenzake, huanza kuvutiwa nao ndani ya saa chache, hasa kwa kuguswaguswa kwenye mapaja ya nyuma. Rangi ya tunutu haigeuki mpaka ajivue ngozi, na umbo lake hukamilika kubadilika baada ya vizazi kadhaa. Unaweza basi kukuta wadudu wa kahawia waliokwisha kuanza kujikusanya. Na unaweza kukuta mmoja wa waridi ukutani ambaye kundi lake limepita jana likamwacha. Peke yake, ndiyo, lakini si mpweke kwa maana tunayoitafuta.

Kupima kutoka kwenye picha

Rangi ikikataa kujibu, umbo hujibu kidogo. Nzige wa kundi ana bawa refu ukilinganisha na paja la nyuma. Mpweke ana paja refu zaidi. Gawa urefu wa bawa la mbele kwa urefu wa paja. Jibu likiwa 2.225 au zaidi, umbo ni la kundi. Likiwa 2.025 au pungufu, ni la mpweke. Katikati ni wa mpito. Kipimo hiki ni cha nzige wa jangwani mzima tu. Ukimpima panzi wa bustani utapata namba, lakini namba isiyo na maana.

Fungua picha ya ubavuni kwenye kompyuta, kisha weka rula juu ya kioo. Paja lipime toka linapoungana na mwili hadi mwisho wa goti. Bawa lipime toka shina lake hadi ncha, na kumbuka shina limejificha kidogo chini ya ukingo wa ngao. Ukianzia kwenye ukingo unapoteza milimita moja au mbili, na jibu linaelemea upweke kwa uongo.

Tuchukue mdudu mmoja mwenye picha mbili. Katika picha ya kwanza, sentimita 5 za rula iliyo pichani zinaonekana milimita 100 kwenye kioo, yaani picha imekuza mara mbili. Bawa linasoma milimita 106, paja milimita 45. Ukigawa 106 kwa 45 unapata 2.36. Kundi! Mbio za kupiga mbiu.

Ngoja kwanza. Picha ya pili, sentimita 5 zinaonekana milimita 90, ukuzaji ni mara 1.8. Bawa linasoma milimita 94, paja milimita 45. Rudisha kwenye ukubwa halisi: bawa ni milimita 52 na paja ni milimita 25. Picha ya kwanza ilitoa bawa milimita 53 na paja milimita 22.5 tu. Paja la mdudu mmoja halifupiki kati ya picha na picha. Kilichotokea ni kwamba katika picha ya kwanza goti lilikuwa limeelekea kwenye kamera, na kitu kinachokuelekea huonekana kifupi.

Kuelekea kamera hufupisha, hakurefushi. Kwa hiyo, kama rula imekaa usawa wa mdudu, chagua kipimo kirefu kuliko vyote kwa kila kiungo: bawa milimita 53 kutoka picha ya kwanza, paja milimita 25 kutoka ya pili. Sasa 53 kwa 25 ni 2.12. Mdudu ametoka upande wa kundi akaangukia katikati, kwenye mpito, ambako kipimo hakiamui. Tofauti nzima ilikuwa milimita mbili na nusu za goti lililopinda. Piga picha tatu au nne kila mara, na kama wapo wadudu kadhaa, pima kadhaa. Mmoja ni mfano dhaifu.

Picha ya mahali ndiyo inayofunga kesi

Kundi lililotua hupata nzige 40 hadi 80 kwa kila mita moja ya mraba, ndiyo ile milioni 40 hadi 80 kwa kilomita moja ya mraba inayotajwa siku zote. Hakuna haja ya rula hapo: matawi huinama, na ardhi hubadilika rangi. Mashaka hubaki pale walipo wachache. Tembea mstari mnyoofu wa mita 100 ukihesabu wanaoruka mbele yako ndani ya upana wa mita moja. Ukiwapata watano, hao ni watano katika mita za mraba 100, sawa na 500 kwa hekta. Andika namba hiyo pamoja na mahali ulipoanzia. Usiandike "wengi." Neno hilo kwa mmoja ni kumi na kwa mwingine ni milioni.

Saa nayo iandikwe. Nzige mpweke husafiri usiku, ndiyo sababu anaokotwa chini ya taa. Kundi hulala mitini usiku, huota jua asubuhi, kisha hupaa jua likishapanda na kufuata upepo. Nzige mmoja wa kahawia kwenye taa saa nne usiku, na mita 100 za asubuhi zisizo na mwenzake hata mmoja, huyo ni mpweke na hana la kutisha. Nzige wa waridi au wa manjano mchana, hata wakiwa watano tu, tuma picha yao mara moja kwa ofisi ya kilimo iliyo karibu, pamoja na upande walikoelekea.

Na unapotuma, tuma pia mahali. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake nukta za ramani za ulipopiga, lakini ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, nukta hizo hufutwa na picha hubanwa mpaka kinundu cha kooni hakionekani tena. Itume kama hati, au andika nukta hizo kwa mkono chini yake.